Anza na Tarehe ya Mwisho: Mjadala Juu ya Barua ya Kazi

Barua yenyewe ina kurasa tatu, na inataka jibu ndani ya siku tano. Aliyeipokea ni binti mwenye diploma ya lishe, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Shirika moja la misaada linamtaka awe msaidizi wa lishe katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kwa mshahara wa shilingi 45,000 kwa mwezi. Nyumbani kwao Bulla Iftin, mjini Garissa, walikwishampongeza na nyama ya mbuzi ilikwishaliwa kabla mtu yeyote hajafika ukurasa wa pili, penye maneno matatu yaliyomkwama: probesheni, notisi na severansi.

Waliokaa mkekani alasiri ile walikuwa watu watano, na mimi wa sita nikiandika. Alikuwepo Binti mwenyewe. Abti wake, yaani kaka ya mama yake, aliyekuwa karani wa stoo wa shirika jingine huko huko Dadaab hadi Februari 2025. Mama Hoteli, mwenye mkahawa karibu na Soko Mugdi na wafanyakazi kumi na mmoja. Dereva wa lori la maji. Na Mzee, afisa wa kazi mstaafu anayeishi Madogo, ng'ambo ya daraja la Tana. Majina ya watu na ya mashirika nimeyaacha makusudi.

ABTI: Mwanangu, usihangaike. Probesheni maana yake ni kwamba miezi sita ya kwanza wewe si mfanyakazi bado. Wanaweza kukufukuza asubuhi kabla ya chai. Ukishavuka hapo, umekaa. Na siku ukitoka, kwa mlango wowote, wanakulipa severansi.

MZEE: Umesema mambo matatu, na moja tu lina nusu ya ukweli. Lakini kabla hatujafika huko, binti yangu, nionyeshe kichwa cha barua. Nani amekuandikia?

BINTI: Shirika. Si lile la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hili limesajiliwa hapa Kenya.

MZEE: Vizuri. Ingekuwa barua ya chombo cha Umoja wa Mataifa, ningekwambia usome kanuni zao wenyewe za wafanyakazi, kwa sababu vyombo hivyo vina kinga na haviburutwi katika mahakama zetu za kazi hivi hivi. Hili lako liko chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Sasa soma tarehe.

BINTI: Tarehe gani?

MZEE: Ya mwisho. Watu wote husoma mshahara, kisha tarehe ya kuanza. Mimi huanza na siku mkataba unapokufa.

Binti alisoma: mkataba unaanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti ya mwaka unaofuata, "kutegemea kupatikana kwa fedha za wafadhili". Mzee alimwambia aweke kidole hapo asikiondoe. Nakiri kwamba mwanzoni niliona anatuchelewesha, maana Binti aliuliza maneno matatu na tarehe haikuwa mojawapo. Baadaye nikaona kwamba bila tarehe ile hakuna neno hata moja kati ya yale matatu linaloweza kupimwa.

BINTI: Tuanze na probesheni basi. Hapa wameandika: "Utakuwa katika kipindi cha majaribio cha miezi 6, ambacho mwajiri anaweza kukiongeza atakavyoona inafaa. Katika kipindi hiki kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7."

MZEE: Siku saba ni sawa, ndizo sheria inazotaka zisipungue. Akitaka uondoke leo leo, akulipe mshahara wa siku hizo saba. Kwa hiyo lile la kufukuzwa kabla ya chai, Abti, linawezekana, lakini chai yenyewe atailipia. Na wewe mwenyewe, ukiona kazi haikufai, unatoa siku saba unakwenda zako.

ABTI: Lakini si mfanyakazi kamili!

MZEE: Ni mfanyakazi tangu saa ya kwanza. Mshahara analipwa, bima ya afya na NSSF anakatwa, na likizo inajikusanya kila mwezi siku moja na robo tatu, maana mwaka ni siku 21 za kazi. Wakimwachisha baada ya miezi minne, atadai siku saba za likizo ambazo hajazichukua, na siku saba za notisi kama hawakumpa notisi yenyewe. Kwa mshahara wa 45,000, siku moja ni 1,500 ukigawa kwa 30. Siku kumi na nne ni 21,000, mbali na siku alizofanya kazi. Hizo si fedha za kuachwa mezani kwa sababu mtu aliambiwa yeye si mfanyakazi.

MAMA HOTELI: Mzee, na mimi niseme kwa upande wa mwajiri. Probesheni ina faida yake. Nilimwajiri kijana mmoja wa kupika, alikuja na vyeti vizuri, kumbe anaunguza wali kila siku. Ningesema nini? Nilimwambia wiki ya tatu, "Kijana, nenda, Mungu akufungulie." Sikumwita kwenye kikao, sikuandika barua. Hiyo ndiyo probesheni.

MZEE: Ulimwandikia mwanzo kwamba yuko kwenye majaribio?

MAMA HOTELI: Tuliongea.

MZEE: Basi hakuwa kwenye majaribio kisheria. Mkataba wa majaribio lazima uwe wa maandishi, na useme waziwazi kwamba ni wa majaribio. Ulikuwa na mpishi wa kawaida uliyemwachisha bila notisi ya kawaida.

Mama Hoteli alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza ni muda gani mtu anaweza kurudi kudai. Mzee alimjibu kwamba ni miaka mitatu tangu siku ya kuachishwa. Hakucheka tena.

MZEE: Na hapo kwenye kumsikiliza mtu, sheria ilipoandikwa ilimwachia mwajiri nafasi. Mfanyakazi wa kawaida hawezi kuachishwa kwa kosa au kwa kazi mbovu mpaka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwa kando yake, na asikilizwe. Aliye kwenye majaribio, kifungu cha 42 kilimwondolea haki hiyo. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, katika kesi ya watu saba dhidi ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, walisema kifungu hicho kidogo kinapingana na Katiba. Kwa hiyo siku hizi mwajiri mwenye busara humsikiliza hata aliye kwenye majaribio.

ABTI: Mwenye busara. Na asiye na busara?

MZEE: Huyo ndiye anayewapa mawakili chakula.

BINTI: Na hili la kuongeza "atakavyoona inafaa"?

MZEE: Hapo ndipo penye kasoro. Majaribio hayazidi miezi sita. Yanaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita, lakini kwa makubaliano na mfanyakazi. Neno la sheria ni makubaliano, wao wameandika hiari yao. Sasa rudisha kidole kwenye tarehe. Mkataba wako ni wa miezi kumi na miwili. Wakichukua sita kisha sita tena, utakuwa kwenye majaribio mkataba wote, na siku yoyote thamani yako ni notisi ya siku saba.

Nilimwona Binti akihesabu kwa vidole, Septemba hadi Februari, Machi hadi Agosti. Hesabu ilitoka sawasawa, na ndiyo iliyomfanya aombe kalamu.

BINTI: Na miezi sita ikipita, wakanyamaza? Hakuna barua ya kunithibitisha wala ya kuniongezea?

MZEE: Wengine tunasema umethibitishwa kwa kunyamaza kwao, kwa sababu sheria imekataza kumweka mtu kwenye majaribio kupita kiasi. Wengine wanasema uthibitisho hauji wenyewe, lazima mwajiri atamke. Nimeona hoja zote mbili zikishinda. Usisubiri ujue upande wako utashinda au la. Wiki ya mwisho ya mwezi wa sita wa mkataba, andika barua pepe mistari miwili: kipindi changu kinaisha tarehe fulani, naomba kujua hali yangu.

DEREVA: Mimi je? Mimi nina probesheni ya miaka miwili.

Wote tuligeuka. Dereva alikuwa kimya tangu mwanzo. Analipwa kila jioni, 1,000, akipeleka maji kwenye mitaa ya juu, siku sita kwa wiki, hana karatasi yoyote. Kwake yeye probesheni ni hali ya kuwa mtu asiyeandikwa.

MZEE: Wewe, ndugu yangu, huna probesheni. Wanakuita kibarua. Lakini kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, au aliyepewa kazi isiyoweza kuisha ndani ya miezi mitatu, sheria humgeuza akawa kama wa mshahara wa mwezi. Akitaka kukuachisha, naye anadaiwa notisi. Kupeleka maji Garissa kutaisha lini?

DEREVA: Labda mvua ikinyesha mwaka mzima.

MZEE: Basi. Kazi yako kubwa ni ushahidi. Anakulipaje?

DEREVA: M-Pesa.

MZEE: Usifute ujumbe hata mmoja.

Tulirudi kwenye barua. Kifungu cha notisi kilikuwa kifupi, na kwa maoni yangu ndicho kilichoandikwa kwa ujanja kuliko vyote: baada ya majaribio, mwajiri atatoa notisi ya mwezi mmoja, na mfanyakazi atatoa notisi ya miezi miwili au kulipa mshahara wa muda huo.

ABTI: Hilo halina neno. Anayetaka kuondoka si ni yeye?

MAMA HOTELI: Mimi naliunga mkono. Wiki moja kabla ya Ramadhani nilikimbiwa na wahudumu wawili. Simu ya mmoja ikasema yuko Nairobi, Eastleigh. Futari nzima nikahudumia mwenyewe na wanangu. Mfanyakazi naye lazima afungwe kidogo.

MZEE: Hao wahudumu walipaswa kukupa notisi au kukulipa mahali pake, hilo ni kweli, sheria inakata pande zote mbili. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, kiwango cha chini ni siku 28, kwa maandishi. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, unafuatwa ule mrefu. Lakini huyu binti yuko kwenye mkataba wa mwaka mmoja. Akipata kazi hospitali ya kaunti mwezi wa nane wa mkataba, watamwambia aripoti baada ya wiki mbili au tatu, na hawatamsubiri miezi miwili. Atalazimika kuwalipa hawa shilingi 90,000 ndipo aondoke. Ataipata wapi? Mimi ningeomba pande zote ziwe mwezi mmoja.

BINTI: Naweza kuomba? Si watampa mwingine kazi?

ABTI: Watampa mwingine. Hapa Garissa barua kama hii ina watu mia nyuma yake, abaayo.

Hapa mjadala ulipamba moto, na sitadai kwamba uliisha. Abti anaamini kwamba mwenye njaa hajadili bei. Mzee anaamini kwamba afisa wa rasilimali watu hupokea maswali kama haya kila wiki na hawezi kumfuta mtu kwa swali moja la heshima. Mama Hoteli, ambaye ndiye pekee aliyewahi kuajiri, alisema jambo ambalo wawili hao hawakulisema: kwamba yeye akiulizwa kwa maandishi na kwa adabu huona aibu kukataa, lakini akipigiwa simu na mjomba wa mtu hukataa papo hapo. Nilimwona Abti akiirudisha simu mfukoni.

BINTI: Kama mimi ndiye niliyetoa notisi ya mwezi, halafu wao wakasema usije tena kesho?

MZEE: Wanakulipa siku zilizobaki, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Watu wengi wanapoteza hapa. Wanaandika barua ya kuacha kazi, bosi anakasirika, anachukua kitambulisho cha kazi langoni, na mtu anaona ndiyo mwisho. Aliyekataa huduma yako ni yeye, si wewe. Na kabla hujatoka, dai cheti cha utumishi, kile kinachosema ulianza lini, ukamaliza lini, ulifanya kazi gani. Hicho si hisani, ni wajibu wake ukishafanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi.

Likabaki neno la tatu. Barua inasema tu: "Severansi italipwa kwa mujibu wa sheria." Abti aliisoma kwa sauti na kupiga paja, kana kwamba imeandikwa fedha taslimu.

MZEE: Inalipwa lini, Abti?

ABTI: Ukitoka.

MZEE: Ukijiuzulu?

ABTI: Ndiyo.

MZEE: Hapana. Ukifukuzwa kwa wizi?

ABTI: Hapo... labda nusu.

MZEE: Hapana kabisa. Mkataba ukiisha tarehe yake?

ABTI: Hapo lazima!

MZEE: Hata hapo, hapana. Severansi ni ya mlango mmoja tu: nafasi yako imefutwa bila kosa lako. Mradi umefungwa, ofisi imepunguzwa, kazi yako haihitajiki tena. Ndiyo kupunguzwa kazi. Mlango mwingine wowote una hesabu nyingine, lakini si hii.

MAMA HOTELI: Afadhali. Mimi NSSF nawalipia wote, kwa hiyo sidaiwi kitu siku nikifunga mkahawa.

MZEE: Unachanganya mifuko miwili, mama. Kuna malipo ya utumishi kwa kila mwaka, hayo ndiyo yanayoondoka mfanyakazi akiwa NSSF. Kumpunguza mtu kazi ni kitu kingine, na NSSF haikifuti. Ukifunga jiko leo, utatoa taarifa ya mwezi mzima kabla, kwa kila mtu kwa maandishi na kwa afisa wa kazi. Kama wana chama, kwa chama na kwa afisa wa kazi. Ukibakiza baadhi na kuwatoa wengine, uchague kwa kuangalia nani alitangulia, ujuzi, uwezo na uaminifu, si kwa kuangalia nani ni wa ukoo gani.

Neno hilo la mwisho lilipita polepole katika baraza. Hakuna aliyelijibu, na wote walilielewa.

MZEE: Kisha unamlipa likizo yake kwa fedha, notisi ya mwezi au mshahara wake, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Aliotimiza. Miezi kumi na moja si mwaka.

BINTI: Basi mimi sina severansi.

MZEE: Sema kwa hesabu.

Akasema kwa hesabu, na alisema vizuri. Wafadhili wakijitoa miezi minane baada ya kuanza, atapata notisi ya mwezi, 45,000, likizo ya siku 14 kama hajachukua, 21,000, jumla 66,000. Severansi ni sifuri, kwa sababu hajatimiza mwaka. Na akifika tarehe 31 Agosti, mkataba ukaisha wenyewe, hapati notisi ya kupunguzwa wala severansi. Hatimizi mwaka ila siku ile ile mkataba unapokufa. Ile ahadi ya "kwa mujibu wa sheria" ni ya kweli, lakini kwa mkataba wa mwaka mmoja haina kitu ndani yake.

Abti hakuridhika, na sasa ndipo akasema kilichokuwa kikimuuma. Yeye alianza Oktoba 2021. Alitia saini mikataba minne ya mwaka mwaka, na kati ya mmoja na mwingine walikuwa wakimpumzisha siku chache. Mnamo tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mawimbi yake yakafika Dagahaley, Ifo na Hagadera kabla ya mwezi kuisha. Mwezi wa Februari shirika lake likamwita. Mshahara wake ulikuwa 60,000. Walimlipa notisi ya mwezi na likizo. Severansi wakasema hakuna, kwa kuwa mkataba wa nne ulikuwa na miezi minne tu.

MZEE: Mkataba wako haukuwa umeisha. Ulikatwa katikati kwa kukosekana fedha. Huko ni kupunguzwa kazi, hilo sina shaka nalo. Swali ni miaka.

ABTI: Miaka mitatu na miezi minne! Kila mtu Dadaab ananijua.

MZEE: Wao watasema kila mkataba ulikufa na kuzikwa, na mpya ukazaliwa. Wewe utasema ni kazi ile ile, stoo ile ile, funguo zile zile, na zile siku chache za kupumzishwa zilikuwa za karatasi tu. Ukishinda, ni siku 15 mara tatu. Kwa kugawa mshahara kwa 30, siku ni 2,000, mwaka mmoja 30,000, jumla 90,000.

MAMA HOTELI: Kwa nini 30? Jumapili au Ijumaa hafanyi kazi. Mimi kibarua nagawa kwa 26.

MZEE: Mahakama nazo zimegawa kwa 30 na zimegawa kwa 26. Ukigawa kwa 26 unapata kama 103,846. Tofauti ni zaidi ya 13,000 kwa neno moja ambalo halikuandikwa kwenye mkataba. Ndiyo maana mkataba mzuri husema siku moja inahesabiwaje, na kwa mshahara upi, ule wa msingi au pamoja na marupurupu.

BINTI: Abti, ulitia saini chochote siku ile?

Kimya. Abti alikwenda ndani akarudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya Kiingereza aliyoitia saini ili apewe hundi: kwamba amepokea haki zake zote na hana dai lingine lolote dhidi ya shirika. Hakuna aliyemsomea kwa Kiswahili wala kwa Kisomali. Alidhani ni risiti.

MZEE: Hii ndiyo kesi yako yote. Mahakama huiheshimu karatasi kama hii, mtu mzima akiisaini kwa hiari na akijua anachokisaini. Ikithibitika kwamba ulilazimishwa, ulidanganywa au hukuelezwa, inaweza kuanguka. Wewe utabishana juu ya siku ile chumbani, nani alisema nini. Miaka yako mitatu ya stoo imekuwa jambo la pili.

ABTI: Wazee wa maslaha walisema watazungumza na meneja.

MZEE: Wazungumze. Mkipatana akalipa, mshukuruni Mungu. Lakini maslaha hayasimamishi saa ya sheria. Ukikaa ukiwangoja wazee mpaka miaka mitatu ipite, meneja atakunywesha chai na hatadaiwa hata kukujibu.

Sikubaliani na Mzee katika jambo moja, na nilimwambia pale pale. Alikuwa akisema kana kwamba kosa ni la anayetia saini bila kusoma. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri ahakikishe mkataba umeelezwa kwa lugha anayoielewa mfanyakazi asiyeelewa lugha ulioandikiwa, na notisi vivyo hivyo. Shirika linalotafsiri mabango ya kunawa mikono kwa Kisomali, likashindwa kutafsiri karatasi ya mistari minne inayofuta deni lake, halikusahau. Mzee alijibu kwamba hasira yangu ni nzuri kwa gazeti, lakini mbele ya hakimu Abti ndiye atakayeulizwa kwa nini hakuomba.

Kabla ya Magharibi Binti aliandika jibu lake kwa simu, na Mzee alilipunguza mara mbili. Linasema anaishukuru ofisi, anaikubali kazi, na anaomba mambo matatu: kipindi cha majaribio kiongezwe kwa makubaliano yake ya maandishi tu, notisi baada ya majaribio iwe mwezi mmoja kwa kila upande, na mkataba ukifanywa upya bila kazi kubadilika, utumishi uhesabiwe kuwa wa mfululizo tangu tarehe 1 Septemba. Abti alitaka aongeze severansi ya mwaka wa kwanza. Binti alikataa, akasema hilo la tatu ndilo lenye severansi yote.

Shirika lilijibu baada ya siku mbili. La kwanza na la pili wamekubali. La tatu wamesema ni sera ya makao makuu, na kwamba kila mkataba unasimama peke yake. Binti ametia saini, na nakala ya barua zote mbili iko kwenye barua pepe yake na kwa mama yake. Abti hajafika bado kwa afisa wa kazi. Muda wake wa kudai unaisha Februari 2028.